Soko la Lome Ndani ya Darasa: Kupatana Bei kwa Kifaransa

Mwanafunzi wa Kifaransa akifika kwenye somo la sokoni, sentensi inayomganda kichwani mapema kuliko zote ni "C'est trop cher", ni ghali mno. Sarufi yake ni safi na kila mtu ataielewa. Lakini akiitamka mara tu baada ya kutajiwa bei, mbele ya mama anayeuza vitenge jijini Lome, maongezi yameharibika kabla ya kuanza. "Trop" inasema bei imepita kiasi, na bei hiyo ina mwenyewe. Mama wa watu ameambiwa usoni kwamba anapunja. Mwanafunzi huyohuyo angesema "C'est un peu cher pour moi", ni ghali kidogo kwangu, shida ingehamia kwenye mfuko wake yeye mnunuzi, na mama angepata nafasi ya kumsaidia.

Tofauti ya namna hiyo haikai kichwani kwa kusomwa ubaoni. Hukaa pale mtu anapoitamka kwa mwenzake anayeweza kukubali au kukataa, na ndiyo maana walimu wa lugha hutumia igizo dhima: wanafunzi wawili, mmoja muuzaji na mwingine mnunuzi, na meza iliyogeuzwa kuwa banda. Hata mtihani wa kimataifa wa Kifaransa, DELF, katika ngazi yake ya kwanza ya A1 humtaka mtahiniwa aigize mazungumzo mafupi ya kununua kitu au kuomba huduma. Hupewa picha za noti na sarafu za kulipia, na hukumbushwa kusalimia na kutumia maneno ya adabu. Mtihani haumdai apatane bei. Soko la Afrika Magharibi litamdai.

Nimeichagua Lome, mji mkuu wa Togo, kwa sababu pale mboga na vitenge huuzwa mitaa ileile, na kwa sababu Kifaransa cha pale mara nyingi si lugha ya mama ya muuzaji wala ya mnunuzi. Akina mama wa sokoni huongea Kiewe au Kimina baina yao, na Kifaransa huwa daraja la kukutana na mgeni. Soko Kuu liko karibu na kanisa kuu la Kikatoliki. Jengo lake liliungua Januari 2013, lakini biashara ya vitenge haikufa, iliendelea katika mitaa inayolizunguka. Hapo ndipo walipovuma wale wafanyabiashara wanawake walioitwa Nana Benz, kwa sababu ya magari ya Mercedes-Benz waliyoyanunua kwa faida ya vitenge vya Kiholanzi.

Igizo lenyewe huharibika kwa njia moja iliyozoeleka: wanafunzi wote wawili hupewa mazungumzo yaliyokwisha kuandikwa, wakayasoma kwa zamu. Muuzaji anajua mwenzake atasema nini, mnunuzi anajua atapunguziwa kiasi gani, na hakuna anayesikiliza. Dawa yake ni kadi mbili za siri. Kadi ya muuzaji inasema: fungu la nyanya ni faranga 500 na halipungui, ila unaweza kuongeza nyanya mbili, kitenge cha nusu jora unaanzia 15,000, na chini ya 10,500 usikubali. Kadi ya mnunuzi inasema: una faranga 13,000 mkononi, noti ya 10,000, ya 2,000 na ya 1,000, unataka nyanya za 500 na kitenge kimoja, lazima ubaki na 500 ya zemijani, yaani pikipiki ya kukurudisha nyumbani. Hakuna anayeona kadi ya mwenzake. Bei hizi ni za mchezo tu, lakini zimepangwa makusudi ili pawepo mahali pa kukutana kati ya 10,500 na 12,000, na kila mmoja apatafute kwa masikio yake. Noti hukatwa kwa karatasi, na chenji hurudishwa kweli.

Mnunuzi aanzie kwenye mboga, na aanze kwa salamu. "Bonjour, maman." Neno "maman" hapa ni kama tunavyomwita mwanamke yeyote wa rika la mama zetu, na Lome linapendeza kuliko "madame" la vitabuni, ambalo ni sahihi lakini lina ubaridi wa ofisini. Muuzaji atajibu "Bonne arrivée", maneno ambayo Mfaransa wa Paris hayasemi mtu anaposogelea banda, ila Afrika Magharibi ndiyo karibu yenyewe. Halafu "Et la santé?", afya je? "Ça va, merci. Et la vôtre?" Mwanafunzi wa Kiswahili hapaswi kupata taabu hapa, maana kwao pia mtu haanzi na bei. Ajabu ni kwamba wengi huanza nayo. Akili imeshikwa na maneno mapya, na ile adabu waliyozaliwa nayo wanaiacha mlangoni.

Baada ya salamu: "Le tas de tomates, c'est combien, s'il vous plaît?" Fungu la nyanya ni kiasi gani, tafadhali? Muuzaji anajibu "Cinq cents". Hapa mnunuzi aliyezoea kudhani kupatana ni kushusha bei atasema "Quatre cents?", na mama atatikisa kichwa. Kosa si la lugha. Fungu la mboga hupangwa lifae sarafu iliyopo mfukoni mwa mteja. Nyanya zikiadimika mwezi huu, mama hapandishi bei kutoka 500 hadi 540, kwa sababu hakuna atakayekuwa na chenji ya kumalizia hesabu hiyo. Anapunguza nyanya moja au mbili kwenye fungu. Bei inasimama, wingi ndio unaopanda na kushuka. Mteja mwenye busara basi haombi bei, anaomba nyongeza: "Vous pourriez m'ajouter un peu, maman?" Unaweza kuniongezea kidogo, mama? Au kwa lugha ya sokoni hasa: "Il faut ajouter un peu, pardon."

Mwanafunzi wangu anayetamka sentensi hii ya pili hunitazama kwa wasiwasi, kwa kuwa amefundishwa kwamba "il faut" ni amri, lazima, na "pardon" ni kuomba radhi. Katika Kifaransa cha Afrika Magharibi "pardon" likisemwa kwa sauti ya chini ni kusihi, na linaulainisha ule ulazima. Ningemshauri aifahamu sentensi hiyo akiisikia, ila yeye mwenyewe, mpaka masikio yake yazoee mlio wa pale, ashike "vous pourriez". Haitamkosea popote.

Kuna sababu ya kukazia hapo. Kiswahili kina njia yake ya kulainisha ombi, nayo imo ndani ya kitenzi. "Nipunguzie kidogo, mama" ni agizo kwa umbo, lakini ile "-ia" na neno "mama" vimelifanya ombi la heshima. Mwanafunzi akilihamisha umbo hilo kwenda Kifaransa, anatoa "Diminuez!", ambalo ni amri kavu. Kifaransa kinataka kitenzi kiingizwe katika hali ya masharti, ile ya kwetu ya "-nge-": "je voudrais" badala ya "je veux", "vous pourriez" badala ya "vous pouvez". Maumbo mawili tu yanatosha soko zima. Simwongezei mtu la tatu mpaka haya yamtoke bila kufikiri.

Nyanya mbili zimeongezwa, mnunuzi anatoa noti ya 1,000 na kupokea 500. Atoe kwa mkono wa kulia. Huko Togo, kama pwani yetu, kumpa mtu kitu kwa mkono wa kushoto ni utovu wa adabu, na katika igizo mwalimu huliona kosa hili mara nyingi kwa sababu mkono wa kulia wa mwanafunzi umeshika kadi. Akipokea chenji aseme "Merci, maman. Bonne vente!", akimtakia mauzo mema, ndipo asogee kwenye vitenge.

Kwenye vitenge mambo ni marefu zaidi, na jambo la kwanza kulielewa ni kipimo. Neno "pagne" lina maana mbili: ni kitenge kwa jumla, na pia ni kipande cha yadi 2, karibu mita 1.8. Pagne tatu, yaani yadi 6, ni "demi-pièce", nusu jora, inayotosha sketi, blauzi na kipande cha kujifunga. Pagne sita, yadi 12, ni "pièce", jora kamili. Sasa sikiliza kinachotokea mnunuzi anapouliza bila kutaja kipimo: "C'est combien?" Muuzaji anasema "Cinq mille". Mnunuzi anafurahi, elfu tano tu! Anajikaza na kusema elfu nne, muuzaji anakubali baada ya vuta nikuvute, na wakati wa kulipa anadaiwa 12,000. Kila mtu alisema kweli, mmoja akihesabu pagne na mwingine nusu jora. Swali la kuokoa ni moja, na liulizwe kabla ya neno lolote la kupunguza: "C'est le prix du pagne ou de la demi-pièce?" Mimi huwaacha wanafunzi waingie kwenye shimo hili mara moja bila kuwaonya. Baada ya hapo hawalisahau swali.

La pili ni aina ya nguo. Vitenge vya Kiholanzi, "wax hollandais", hutengenezwa na kampuni ya Vlisco iliyoanzishwa Helmond, Uholanzi, mwaka 1846. Nana Benz walijenga utajiri wao kwa kuwa na haki ya kuuza michoro fulani peke yao. Januari 1994 thamani ya faranga ya CFA ilikatwa nusu mbele ya faranga ya Ufaransa, bei ya nguo zilizotoka nje ikapanda kwa mkupuo mmoja, na baadaye vitenge vya bei nafuu kutoka China vikajaza masoko. Kwa hiyo "C'est du hollandais?" si swali la kujionyesha. Bei ya haki ya kitenge kimoja inaweza kuwa mara kadhaa ya kingine kinachofanana nacho kwa macho. Mnunuzi hutazama pindo, ambako jina la mtengenezaji huchapwa, ingawa jina nalo huigwa, kisha hugeuza nguo na kuangalia upande wa pili. Katika wax ya kweli rangi hukolea pande zote mbili. Darasani kipande cha kitenge halisi kinafaa kuliko picha, ili mnunuzi awe na kitu cha kugeuza huku akitafuta maneno. Na kama muuzaji anajua jina la mchoro, atalitaja: upo unaoitwa "Mon mari est capable", mume wangu ana uwezo, na mwingine "Si tu sors, je sors", ukitoka nami natoka. Aliyekulia kwenye kanga ataelewa mara moja kwa nini jina huongeza bei.

Tuyafuate sasa mapatano yenyewe. Salamu zimekwisha, mnunuzi ameuliza kipimo, na muuzaji amesema "La demi-pièce, quinze mille". Mnunuzi hasemi bei yake bado. Anausifu mchoro, "Il est très joli", kisha anaingia taratibu: "C'est un peu cher pour moi. Vous me le laissez à combien?" Utaniachia kwa kiasi gani? Swali hili ni zuri kwa sababu linamwachia muuzaji hatua ya kwanza. "Treize mille cinq, parce que c'est toi." Elfu kumi na tatu na mia tano, kwa kuwa ni wewe. Amemwita "toi", na hilo si dharau. Mama mtu mzima anayemwita kijana "tu" anamkaribisha. Kijana abaki na "vous".

Sasa mnunuzi anataja: "Neuf mille, c'est possible?" Ameanza chini, lakini ameanza kwa swali. Muuzaji anacheka, "Ah non, mon fils, à neuf mille je perds", hapana mwanangu, kwa elfu tisa napata hasara. Mnunuzi anapanda, "Dix mille, alors?" Muuzaji anashuka, "Douze mille, dernier prix." Hiyo "bei ya mwisho" mara nyingi si ya mwisho, na mnunuzi anaijua. Angeweza kulipa 12,000, pesa anazo. Lakini kwa utulivu anasema: "Je comprends, maman. Je peux faire onze mille, pas plus." Nakuelewa, mama, naweza kutoa elfu kumi na moja, si zaidi. Kimya kidogo. "Bon, donne."

Angalia kwamba kila hatua ya mnunuzi ina kipande kinachompa heshima mwenzake: sifa ya nguo, swali, "je comprends". Angalia pia kwamba hatua zake ni fupi, elfu moja kisha elfu moja, huku za muuzaji zikiwa elfu moja na nusu kila mara. Na mara muuzaji anapokubali bei aliyoitaja mnunuzi mwenyewe, mlango umefungwa. Kusema "acha nifikirie" wakati huo ni kosa kubwa kuliko sarufi yoyote mbovu, Lome kama Kariakoo. Anayetaka kutazama tu aseme mapema: "Je regarde seulement, merci."

Kabla pesa haijatoka, nawataka wote wawili waandike kwenye kadi zao, kimya, bei waliyokubaliana. Ndipo tunafunua. Mmoja ameandika 11,000, mwingine 11,000, vema. Lakini wapo wanaotofautiana, na hapo ugonjwa wa Kifaransa cha sokoni huonekana wazi, nao ni namba. "Six mille" na "dix mille" zinatofautiana kwa konsonanti moja: katika usemi ni "si mil" na "di mil", kwa sababu "x" ya mwisho hunyamaza. Sokoni penye kelele, faranga elfu nne zimepotea katika konsonanti hiyo. "Deux mille" na "douze mille" nazo huchanganywa na sikio changa. Mtego wa pili ni ufupisho: "deux mille cinq" sokoni ni 2,500, ingawa kitabu kinasema ni 2,005. Hakuna anayeuza kitu kwa 2,005, basi mia huachwa isisemwe. Kwa sababu hiyo mnunuzi airudie kila bei anayotajiwa, "Treize mille cinq cents, c'est ça?", na asione haya. Kurudia bei ni ukaguzi, na pia kunampa sekunde mbili za kutafuta jibu.

Kadi hizi zinahitaji kubadilishwa zikihamia nchi nyingine. Bujumbura au Bukavu, 70 ni "septante" na 90 ni "nonante", kwa mazoea ya Ubelgiji, ilhali Lome watasema "soixante-dix" na "quatre-vingt-dix". Lubumbashi, msemaji wa Kiswahili huenda asihitaji Kifaransa sokoni kabisa. Na Ufaransa yenyewe igizo hili la nyanya halina mahali: bei ya kilo huandikwa kwenye kibao mbele ya mboga, na mteja hulipa ilivyoandikwa. Anayeomba nyongeza pale ataonekana mtu wa ajabu, ingawa kwenye soko la vitu vikuukuu mjini humohumo "Vous me le faites à combien?" ni swali la kila dakika.

Zamu ya pili wanafunzi hubadilishana nafasi, na mimi hubadilisha mstari mmoja bila kuwaambia: muuzaji haruhusiwi kushuka chini ya 12,500. Mnunuzi bado ana 12,000 za kitenge. Hakuna bei itakayowakutanisha. Hili ndilo igizo gumu kuliko yote, maana wanafunzi hudhani wamefeli, na mmoja wao kwa kawaida huvunja kadi yake ili ampendeze mwenzake. Wanaolimudu hufika mwisho, wakatazamana, na mnunuzi akasema: "C'est vraiment joli, maman, mais je ne peux pas. Je vais faire un tour." Ni kizuri kweli, lakini sina uwezo, ngoja nizunguke kidogo. Muuzaji naye, badala ya kununa, anajibu: "Pas de problème, mon fils. Tu reviens." Akishasema hivyo, anakikunja kitenge na kukirudisha mahali pake, na mnunuzi anaaga kwa jina lilelile alilosalimia nalo: "Merci, maman. Bonne journée."